NSSF ya Yaya na Kibarua: Hesabu za Kukagua

Nchini Kenya, Sheria ya NSSF ya mwaka 2013 inawahusu pia wanaofua, wanaolea watoto na wanaokoroga zege. Wengi wao hukosa akiba hii kwa sababu hakuna aliyewaambia.

1. Mwenye nyumba ni mwajiri. Hahitaji kuwa na ofisi wala kampuni. Akikulipa mshahara, anapaswa kukusajili kwa kitambulisho chako na kuchangia, hata kama mliafikiana kwa mdomo tu.

2. Fungu ni la wawili. Wewe unakatwa asilimia 6 ya mshahara, naye anaongeza asilimia 6 kutoka mfukoni mwake. Yaya wa shilingi 18,000 anakatwa 1,080, mwajiri anatoa 1,080 nyingine, na NSSF inapokea 2,160. Ukikatwa 2,160 zote, umelipishwa fungu la tajiri wako. Na akisema atalipa yote mradi mshahara ushuke, bado ni pesa yako anayotumia. Kataa.

3. Kukatwa si kuwekewa. Hapa ndipo wengi huumia: makato yanafanyika kila mwezi, lakini pesa hazifiki. Mwajiri anatakiwa kuziwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na akichelewa faini ni yake. Omba taarifa ya michango kwa namba yako ya uanachama, kisha uilinganishe na jumbe za M-Pesa za mshahara, mwezi kwa mwezi. Mwezi usioonekana upeleke NSSF mapema, kabla mwajiri hajahama au kufunga kazi.

4. Kibarua wa miezi si kibarua tena. Kisheria, kibarua hulipwa jioni na huajiriwa kwa muda usiozidi saa 24. Ukifanya kazi mfululizo hadi siku zako zitimie mwezi, Sheria ya Ajira, kifungu cha 37, inakuhesabu kuwa mwajiriwa wa mwezi. Msaidizi wa fundi anayepata 700 kwa siku akifanya siku 24 amepata 16,800. Fungu lake ni 1,008, na la mwajiri ni 1,008. Wasimamizi wengine humpumzisha mtu siku chache ili kukata mfululizo huo. Andika kila siku uliyofanya kazi, na jina la aliyekulipa.

5. Ukiwa huna mwajiri mmoja. Mama anayefua nyumba hii leo na ile kesho ni rahisi kuachwa nje. Anaweza kujiwekea mwenyewe kupitia Haba Haba ya NSSF, kuanzia shilingi 25 kwa siku, ingawa hakuna wa kumwongezea fungu la pili.

6. Hukuwahi kusajiliwa? Mkataba wa mshahara wa mwezi ukivunjwa kwa notisi, asiye mwanachama wa NSSF anaweza kudai malipo ya utumishi kwa kila mwaka aliofanya kazi. Usikawie: madai ya ajira yana muda wa miaka 3.