Sentensi inapovuka mstari

Swali: Mwalimu, nimeandika shairi huru kuhusu safari ya Arua hadi Koboko. Wenzangu wanasema nakata mistari ovyo. Kwani nikikata hapa au pale kuna tofauti gani?

Jibu: Ipo, na inasikika. Tazama:

Basi la Koboko halitaondoka
bila mama yangu.

Mwisho wa mstari wa kwanza, msomaji anadhani safari imevunjika. Mstari wa pili unageuza habari: kumbe kuna mtu anangojwa. Sasa pandisha neno moja juu:

Basi la Koboko halitaondoka bila
mama yangu.

Hapa hakuna anayedanganyika. "Bila" linaning'inia, jicho linakimbilia chini kumtafuta huyo mtu, mwendo unaongezeka, na uzito wote unamwangukia mama.

Mistari ya namna hii huitwa mishata. Ukiighani, usishushe sauti mwishoni. Tua kidogo tu, uendelee. Wanamapokeo wengi hupendelea mshororo unaojitosheleza, nami siwalaumu: mishata ikizidi, msomaji huacha kuihisi.

Jipime hivi: andika sentensi yako mfululizo, kama barua. Ikiwa haikupoteza kitu, wenzako wamesema kweli.