Dondoo muhimu: Mawazo ya habari kwenye usaili wa uandishi

Mhariri akikupa nusu saa uandike mawazo matatu ya habari, zingatia haya:

Geuza mada kuwa swali. "Bei ya mafuta" ni mada tu. Habari ni hii: EWURA ikipandisha bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, na nauli iliyopangwa na LATRA isibadilike, nani anabeba gharama? Ni dereva wa daladala, au mwenye gari anayesubiri hesabu yake jioni?

Taja utakaowahoji. Madereva wawili, mmiliki mmoja na ofisa wa LATRA; ongeza jedwali la bei za miezi mitatu. Wazo lisilo na mtu wa kuhojiwa hukataliwa mapema.

Eleza kwa nini sasa. Kama bei mpya zinatoka wiki hii, sema hivyo.

Gawa muda. Dakika 5 za kuchagua, 20 za kuandika, 5 za kuhakiki majina na tarakimu. Kila wazo lisizidi sentensi nne.

Kabla ya usaili, soma matoleo ya karibuni ya chombo unachoomba kazi. Wazo walilokwisha kulichapisha halitakupa kazi.