Nakala za Wasifukazi: Andaa Kabla ya Kufika Langoni

Hoteli nyingi za Malindi na Watamu hupunguza wafanyakazi wakati wa masika, kisha huanza kuwaita tena Julai ikikaribia. Wengi hutafuta nafasi hizo kwa miguu, hoteli baada ya hoteli. Mara nyingi nakala yako hupokelewa na askari wa langoni, ikawekwa kwenye rundo hadi afisa wa wafanyakazi aitume. Basi karatasi ndiyo itakayokusemea.

Tuchukue mfano wa kijana wa Gede aliyesomea upishi. Siku moja atazuru hoteli sita. Anahitaji nakala sita, na mbili za ziada: moja ya mpishi mkuu akiitwa ndani papo hapo, na moja ya kushika mwenyewe anapojibu maswali. Wasifukazi wake una kurasa mbili, kwa hiyo ni karatasi 16. Saiba ikitoza shilingi 10 kwa ukurasa, atalipa 160. Kwenye maonyesho ya ajira hesabu ni tofauti kidogo: ahesabu meza zinazoajiri wapishi tu, aongeze tatu. Kugawa kwa kila meza ni kupoteza pesa.

Apeleke faili ya PDF, kwa sababu ya Word ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine mistari huweza kuhama. Achape kila nakala upya, asitoe fotokopi ya fotokopi. Akimaliza, ahakikishe faili imefutwa pale saiba. Ina namba yake ya simu na pengine ya kitambulisho.

Karatasi nyeupe ya A4 ya gramu 80 yatosha. Ya gramu 100 haikunjamani upesi. Uchapishaji uwe upande mmoja, maana karatasi nyepesi huonyesha maandishi ya nyuma.

Kwa joto letu, jasho ndilo adui. Kabla ya kulipia nakala zote, chapisha moja, lowesha kidole kidogo, upitishe juu ya jina lako. Wino ukitapakaa, mashine hiyo ni ya wino wa maji. Tafuta saiba yenye mashine ya leza. Hata ya leza, kunja pembe: unga mweusi ukibanduka, karatasi huenda ina unyevu au mashine haikupata joto la kutosha. Omba karatasi kutoka pakiti mpya.

Bana kila nakala kwa pini moja, pembe ya juu kushoto, na jina na simu viwe kwenye kila ukurasa, kwa kuwa pini hutoka.

Folda iwe ya plastiki ngumu yenye kifungo, pana kuliko A4, ili usikunje kitu kwenye bodaboda. Bahasha ya kaki hulowa. Mbele weka wasifukazi, nyuma nakala za vyeti. Vyeti halisi vikae mfuko wa peke yake: vionyeshe ukiulizwa, lakini usiviache langoni.