Mpime koo upya kabla ya kuingia chumba cha upasuaji

Wanafunzi wa usingizi wanaojiandaa na mtihani nawapa mgonjwa yule yule wa kufikirika: mama wa mimba ya kwanza aliyepata uchungu Busasamana, akasukuma kwa muda mrefu bila mafanikio, kisha akateremshwa kwa gari la wagonjwa hadi Gisenyi kufanyiwa upasuaji. Faili lake la mwezi uliopita linasema Mallampati 2. Utampaje usingizi?

Wengi huinakili ile 2 na kuendelea. Lakini uchungu na kusukuma huvimbisha koo, na daraja linaweza kupanda ndani ya saa chache, hasa kwa mwenye kifafa cha mimba. Kwa hiyo mpime upya. Mketishe wima, atazame mbele, apanue kinywa na kutoa ulimi nje. Asiseme "aaa", maana sauti huinua kaakaa na kukudanganya. Ukiona kimio chote, hilo ni daraja la 1. Ukiona shina lake tu, ni la 3. Kaakaa gumu peke yake ni la 4, na huyu mama sasa yuko hapo.

Mallampati pekee hukosea mara nyingi, kwa hiyo ongeza vipimo vya mkono. Kinywa kipokee vidole vyake vitatu. Akiinua kidevu, toka kikoromeo hadi ncha ya kidevu pawe na sentimita 6 au zaidi. Meno ya chini yaweze kuuma mdomo wa juu. Muulize pia kama aliwahi kupewa usingizi, na yaliyompata.

Sasa mpango. Kama hatoki damu nyingi na damu yake inaganda vizuri, mchome ganzi ya mgongo, umlaze ameinamia kushoto kidogo ili mimba isibane mshipa mkubwa wa damu. Mtahini atauliza: basi koo ulilipimia nini? Jibu ni kwamba ganzi inaweza kushindwa, au kupanda juu mno hadi mama ashindwe kupumua, na hapo utahitaji mpira wa kupumulia bila muda wa kufikiri.

Kwa hiyo kabla ya sindano, weka tayari mashine ya kufyonza, laringoskopu mbili, mpira mwembamba zaidi, barakoa ya koromeo na mtu wa pili aliyeambiwa kazi yake. Ikibidi kumlaza usingizi, inua kichwa na mabega mpaka tundu la sikio liwe sawa na kifua, mpe oksijeni kwa barakoa iliyobana dakika 3. Mjamzito huishiwa oksijeni haraka kuliko mtu mwingine.

Mpira ukiwa ndani, usingoje kipimo cha kidoleni kikuambie, hicho huchelewa. Tafuta hewa ukaa kwenye skrini kila anapotoa pumzi. Mstari ukibaki bapa, chukulia kwamba mpira uko kwenye umio: utoe, umpe hewa kwa barakoa. Majaribio mawili yakishindikana, acha kuchokonoa koo, weka barakoa ya koromeo.