Kitufe Kipi Kinaleta Pesa? Jaribu Maneno Mawili Bila Kujidanganya

Tuseme unauza mikoba ya ngozi mtandaoni, Sh2,400 kila mmoja. Unalipia tangazo, mtu analibonyeza, anafika kwenye ukurasa wako wa mauzo. Kwa siku unapata wageni 120 hivi, na 6 kati yao wanalipa. Hiyo ni watu 5 kwa kila 100. Chini ya picha ya mkoba kuna kitufe kilichoandikwa "Agiza sasa". Rafiki yako anakuambia: hebu andika "Angalia bei", watu hawataogopa kukibonyeza.

Unaamua kujaribu. Nusu ya wageni wanaona "Agiza sasa", tuite ukurasa A. Nusu nyingine wanaona "Angalia bei", ukurasa B. Kitu kingine chochote hakibadiliki: picha ni ile ile, na vitufe vyote viwili vinampeleka mteja kwenye hatua ile ile yenye bei na malipo.

Baada ya siku 4 unafungua hesabu. Kila ukurasa umepata wageni 240. Kwenye A wamelipa 8. Kwenye B wamelipa 16. Mara mbili! Mkono unakuwasha ufute A na kubaki na B. Ngoja kwanza.

Shilingi inaweza kukuonyesha kitu kile kile

Wateja waliolipa ni 24 kwa jumla. Kama maneno ya kitufe hayana tofauti yoyote, basi kila mmoja wao alikuwa na nafasi sawa ya kutokea A au B. Ni kama kurusha shilingi mara 24. Sasa, ukirusha shilingi ya kawaida mara 24, kupata upande mmoja mara 16 au zaidi hutokea karibu mara 15 katika kila majaribio 100 ya namna hiyo. Si jambo la ajabu hata kidogo. Kwa hivyo 16 kwa 8 inaweza kuletwa na bahati tupu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu linanyesha.

Kuna hesabu fupi unayoweza kufanya kwa kikokotoo cha simu. Chukua tofauti ya waliolipa. Kisha jumlisha waliolipa pande zote mbili, tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, na uzidishe kwa 2:

```
tofauti = B - A
mpaka   = 2 × √(A + B)
```

Tofauti ikizidi mpaka, bahati peke yake ingeleta kitu kama hicho takriban mara 5 tu kwa 100. Ikiwa chini ya mpaka, bado hujui. Kwa mikoba yetu tofauti ni 8. Kipeuo cha pili cha 24 ni karibu 4.9, ukizidisha kwa 2 unapata 9.8. Nane haijafika. B haijashinda.

Hesabu hii inafaa pale wageni wamegawanywa nusu kwa nusu, na wanaolipa ni wachache ukilinganisha na wageni wote. Biashara nyingi za mtandaoni ziko hivyo.

Siku ya kumaliza hupangwa kabla ya kuanza

Labda unajiambia: sawa, nitaangalia kila siku, na siku tofauti ikivuka mpaka nitasimamisha jaribio. Hapa ndipo watu wengi hujidanganya wakiwa na nia njema kabisa. Ile nafasi ya mara 5 kwa 100 ni ya kuangalia mara moja tu. Ukichungulia mara 5 na kusimama panapokupendeza, nafasi ya kudanganywa na bahati inapanda hadi karibu 14 kwa 100. Ukichungulia mara 20, inafika karibu 25. Yaani vitufe viwili vilivyo sawa kabisa vitakupa "mshindi" mara moja katika kila majaribio manne.

Sababu yake ni rahisi. Tofauti hupanda na kushuka siku hadi siku. Ukiikodolea macho muda mrefu, siku moja itavuka mpaka, na wewe utasimama siku hiyo hiyo, kabla haijarudi chini.

Dawa ni kuamua idadi ya wageni kabla ya kuanza. Jiulize: tofauti ndogo kabisa ambayo ingenifaa ni ipi? Tuseme unataka kuona kama waliolipa watatoka 5 kwa 100 hadi 7.5 kwa 100. Andika 5 kwa 100 kama 0.05, na ongezeko unalotafuta kama 0.025:

```
wageni kwa kila ukurasa = 16 × 0.05 × 0.95 ÷ (0.025 × 0.025)
                        = 1,216
```

Kurasa mbili zinahitaji wageni 2,432. Kwa wageni 120 kwa siku, hiyo ni siku 20 na kidogo. Fanya wiki 3 kamili, siku 21, ili kila ukurasa upate Jumatatu zake na Jumamosi zake. Ukipanga hivi na B kweli ikawa bora kwa kiasi hicho, utaigundua karibu mara 70 kwa 100.

Angalia pia gharama ya kutafuta tofauti ndogo. Ukitaka kuona ongezeko nusu ya hilo, wageni wanaohitajika ni mara 4, na siku 21 zinakuwa karibu siku 81. Ndiyo maana biashara yenye wageni wachache isihangaike na kubadilisha neno moja dogo. Ijaribu mabadiliko makubwa.

Na kurasa zote mbili ziende kwa wakati mmoja. Ukiweka A wiki ya kwanza na B wiki ya mwisho wa mwezi, utakuwa umepima mishahara ya watu, kitufe hukukipima.

Hesabu pesa iliyoingia, si vidole vilivyobonyeza

Wiki 3 zimeisha. Kila ukurasa umepata wageni 1,260. Tuanze na waliobonyeza kitufe: A ni 189, B ni 252. Tofauti ni 63. Jumla ni 441, kipeuo chake cha pili ni 21, mpaka ni 42. Tofauti imevuka mpaka kwa mbali. B inabonyezwa zaidi, na hiyo si bahati.

Sasa fungua taarifa ya malipo. Waliolipa kupitia A ni 64. Kupitia B ni 61. Tofauti ni 3 tu, na mpaka ni karibu 22.

Imekuwaje? Maneno ya kitufe hubadilisha aina ya mtu anayekibonyeza. Anayebonyeza "Agiza sasa" ameshaamua nusu. Kati ya 189 waliobonyeza A, karibu 34 kwa kila 100 walilipa. "Angalia bei" haimfungi mtu chochote, kwa hivyo hata mwenye kupita tu anabonyeza, anaona Sh2,400, anaondoka. Kwenye B waliolipa ni 24 tu kwa kila 100 waliobonyeza. Kama ungepima mibonyezo peke yake, ungesherehekea ushindi ambao haukuongeza hata shilingi moja.

Ili uweze kupima pesa, malipo lazima yaonyeshe yametoka ukurasa upi. Njia rahisi ni nambari ya oda inayoingia kama nambari ya akaunti wakati wa kulipa: oda za ukurasa wa kwanza zianze na A, kwa mfano A1043, na za pili zianze na B. Mwisho wa jaribio unazihesabu kwenye taarifa yako. Hesabu watu, usihesabu majaribio ya kulipa. Mteja aliyekosea nambari ya siri, akajaribu tena akiwa hana salio la kutosha, kisha akafaulu mara ya tatu, ni mteja mmoja. Aliyerudishiwa pesa mtoe kwenye hesabu, pande zote mbili.

Kabla hujaamini jibu, kagua mgawanyo

Kuna kosa linaloharibu jaribio lote kimyakimya: wageni kutogawanywa sawa. Tumia mpaka ule ule, lakini sasa kwa wageni. Kwa wageni 2,520, kipeuo cha pili ni karibu 50, mpaka ni karibu 100. Kama A ingepata 1,400 na B 1,120, tofauti ya 280 ingekuwa inakupigia kelele kwamba kuna kitu kimeharibika. Pengine B inachelewa kufunguka kwenye simu, na wenye mtandao dhaifu wanaondoka kabla hawajahesabiwa. Wanaobaki ni wale wenye subira, na wenye subira hununua zaidi. Hapo usisome matokeo. Rekebisha, uanze upya.

Hakikisha pia mgeni aliyeona A jana anaona A tena akirudi leo. Vinginevyo mtu mmoja ataona vitufe viwili, na hutajua kipi kilimfanya alipe.

Sasa jibu ni lipi?

64 kwa 61 haimaanishi vitufe hivi viko sawa kabisa. Inamaanisha ile tofauti kubwa uliyokuwa ukiitafuta haikuonekana. Tofauti ndogo inaweza kuwepo, upande wowote, na wageni hawa hawatoshi kuiona. Uandike hivyo hivyo kwenye daftari lako.

Utajaribiwa kuichokora: vipi wateja wa Kisumu peke yao? Vipi wanaoingia usiku? Ukiigawa hesabu hii vipande 20, tegemea kimoja kitavuka mpaka kwa bahati tu. Kipande kikikuvutia, kifanye kiwe swali la jaribio linalofuata, na wageni wapya.

Kwa mwenye mikoba, uamuzi si mgumu. Abaki na "Agiza sasa", kwa sababu B haikumpa sababu ya kuhama. Lakini amejifunza kitu cha kweli: watu wengi wanataka kujua bei kabla ya kuamua. Basi jaribio lijalo liwe kubwa kuliko kitufe. Kichwa cha ukurasa kimoja kibaki kama kilivyo, na kingine kiseme wazi: "Mkoba wa ngozi, Sh2,400". Wiki 3, nusu kwa nusu, na siku ya kufungua hesabu imeandikwa leo.