Meneja Asome Sekunde Tano Aelewe: Kichwa na Sentensi ya Kwanza ya Imeili ya Tukio

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, leo tuongelee imeili unayomwandikia meneja wa ofisi ya mizigo pale mzigo wako unapopata shida njiani. Wengi tunaandika stori ndefu, na jibu linakuja wakati mteja ameshachukua mzigo na ushahidi umepotea.

Tuchukue mfano. Umetuma madera 24 kwa basi kutoka Dar kwenda Mwanza. Mzigo umefika Jumatano asubuhi, mteja wako kaenda kuuchukua, wakafungua kaunta: madera 9 yana madoa ya oili. Dera moja 15,000, kwa hiyo hapo kuna 135,000 inaning'inia. Mzigo bado uko kaunta. Ukitoka pale kabla haujakaguliwa, ofisi inaweza kukwambia madoa yameingia nyumbani kwa mteja.

Sasa angalia meneja anaona nini kwenye simu. Kabla hajafungua chochote anaona jina lako, kichwa cha imeili (pale palipoandikwa Subject), na maneno machache ya mwanzo. Basi. Ukiandika kichwa "MALALAMIKO" na ukaanza na "Habari za kazi meneja, natumaini hujambo na familia", hajajua kitu. Ukiandika "HARAKA SANA!!!" ndiyo kabisa, maana kila mtu kwake ana haraka.

Kichwa kibebe mambo matatu kwa mpangilio huu: kilichotokea, namba ya risiti, unachoomba.

"Madera 9 yana madoa, risiti 04417: naomba ukaguzi leo"

Kwa nini mpangilio huo? Simu hukata kichwa kirefu, kwa hiyo kinachokatwa kiwe cha mwisho. Hapo hata ikikatia kwenye risiti, meneja ameshajua nini kimetokea na mzigo upi. Halafu kumbuka, mara nyingi meneja hashughulikii mwenyewe, anaisukuma kwa karani wa mizigo. Karani akiwa na namba ya risiti anaenda moja kwa moja kwenye mzigo. Bila namba, anaanza kukuuliza maswali na saa zinakwenda.

Sentensi ya kwanza sasa. Salamu iwepo, sisi ni watu wa heshima, lakini iwe maneno mawili, kisha uingie:

"Habari meneja, mzigo wangu wa madera 24, risiti 04417, umefunguliwa kaunta yenu ya Mwanza leo Jumatano saa 3 asubuhi, 9 yana madoa ya oili, na naomba yakaguliwe kabla ya saa 10 jioni mzigo ukiwa bado hapo kaunta."

Imebeba kipi, wapi, lini, kiasi gani, na afanye nini mwisho saa ngapi. Umeandika "leo Jumatano" na siyo "leo" tupu, kwa sababu akiisoma Alhamisi, "leo" itakuwa siku nyingine. Bei, picha za madoa na picha ya risiti vinafuata chini yake. Stori ya jinsi ulivyofunga mzigo iwe mwisho kabisa.

Angalia pia neno "yana madoa". Usiandike "vijana wenu wamemwagia oili nguo zangu". Hukuwepo kwenye buti la basi. Ukianza na lawama, meneja atajibu lawama na ukaguzi utasahaulika. Andika kilichoonekana, sababu waitafute wao.

Kosa jingine ni kujibu ndani ya imeili ya zamani. Kama mwezi uliopita mliandikiana kuhusu bei ya kusafirisha, ukibonyeza kujibu hapo, kichwa kitabaki "Re: Bei ya kusafirisha mizigo". Tukio lako limejificha humo. Tukio jipya, imeili mpya. Ila ukiwa unafuatilia tukio lile lile, jibu humo humo bila kubadilisha kichwa, ili mazungumzo yakae pamoja.

Kabla ya kutuma, mwonyeshe mtu wa karibu kichwa na sentensi ya kwanza kwa sekunde tano, kisha ficha simu. Muulize: nini kimetokea, mzigo upi, meneja afanye nini? Akikwama hata swali moja, rekebisha hapo hapo alipokwama.

Na kama mteja amesimama kaunta sasa hivi, usisubiri imeili isomwe. Tuma, kisha piga simu useme: "Meneja, nimekutumia imeili ya risiti 04417." Simu inamfanya aende kaunta, na imeili inabaki kuonyesha uliripoti saa ngapi, mzigo ukiwa bado uko kwao.