Dondoo muhimu: Ukitumiwa nusu ya methali

Nusu inayoachwa mara nyingi ndiyo yenye mwiba. "Asiyesikia la mkuu" haina makali hadi guu livunjike. Kwa hiyo, kabla hujajibu, jikumbushe sehemu iliyofichwa na ujiulize inamchoma nani.

Ikiwa hakuna anayechomwa, malizia. Babu akiandika "Haba na haba…" kwenye kundi la familia, anawachemsha bongo wajukuu, na "hujaza kibaba" ndiyo salamu anayoingoja. Kukaa kimya hapo ni kumnyima raha.

Sasa chukua hii: umekaa wiki nzima kwa mama mkubwa, kisha usiku unapata ujumbe, "Mgeni siku mbili…" Basi. Ukijibu "ya tatu mpe jembe" na vikatuni vya kucheka, umejihukumu mwenyewe huku jembe hulishiki. Ukianza kumfafanulia maana, umemfundisha mkubwa wako lugha yake (na hilo litasimuliwa hadi harusini). Hapa uliza, ila usiulize maana ya methali, uliza kuhusu kazi: "Shikamoo mama. Nimekupata. Kesho nianze na nini, maji au sokoni?" Kama alikuwa anatania, atakwambia. Kama hakuwa anatania, hajalazimika kusema lile neno.

Kufafanua maana na kubaki kwa aliyeomba, mfano binamu aliyekulia ughaibuni, tena umwandikie pembeni.

Na ujumbe ukiingia usiku wa manane, jibu asubuhi, baada ya kufagia uwanja.